Muuzaji Kanyamaza na Hela Kachukua: Jinsi ya Kuidai Kupitia Kadi

Safari hii nimeombwa niandike juu ya jambo ambalo sisi wanafunzi tulioko Riyadh na Jeddah tunaulizana karibu kila muhula. Umenunua kitu mtandaoni, umelipa kwa kadi, tarehe ya kupokea mzigo imepita, na muuzaji hajibu tena. Simu haipokelewi, na kwenye WhatsApp unaona alama mbili za bluu halafu kimya. Je, hela ndiyo imekwenda hivyo?

Kama ulilipa kwa kadi, njia ipo, na inapitia kwenye benki iliyokutolea kadi. Wenyewe wanaiita chajibeki. Fani yangu mimi ni uhandisi, si benki wala sheria, ila mwaka 2025 nilimsaidia mwenzetu mmoja anayesoma Jeddah kulifuatilia dai lake tangu mwanzo mpaka hela iliporudi. Nilichokiona ni kwamba wengi wetu tunakwenda benki kushitaki kwamba muuzaji ni tapeli, na benki wala haiulizi hilo. Benki inauliza mambo matatu tu: uliahidiwa nini, uliahidiwa lini, na je, kilifika? Anayejibu hayo matatu kwa karatasi ana nafasi nzuri. Anayekuja na hasira peke yake hurudi na hasira yake.

Hela inarudije?

Unapolipa kwa kadi, hela haiendi moja kwa moja mfukoni mwa muuzaji. Inatoka benki yako, inapita kwenye mtandao wa kadi, inaingia benki ya muuzaji, halafu ndiyo anaipata yeye. Chajibeki ni kuirudisha kwa njia ileile. Benki yako inaiambia benki ya muuzaji kwamba mteja wetu hakupata alicholipia. Benki ya muuzaji inamkata hela muuzaji, na yeye anapewa muda, takriban mwezi mmoja, wa kuleta vielelezo vyake. Akikaa kimya, umeshinda. Akijibu, majibu yake yanaletwa kwako uyapinge.

Kwa hiyo kimya cha muuzaji, ambacho kinatuumiza sana sisi, kwenye mfumo huu kinamuumiza yeye. Na utaona pia kwamba benki ya kuiendea ni ile iliyokutolea kadi, hata kama duka liko mtaa wa pili. Ukitumia hapa Riyadh kadi uliyopewa na benki ya Nairobi au Dar es Salaam, dai lako linafunguliwa Nairobi au Dar, na benki za hapa hazina la kufanya.

Kwa Saudia kuna jambo jingine la kuangalia. Kadi nyingi za benki za hapa zina alama mbili: mada, ambao ni mtandao wa malipo wa ndani ya nchi, na Visa au Mastercard pamoja nayo. Duka la ndani mara nyingi hupitisha malipo kwa mada, la nje kwa Visa au Mastercard. Ujumbe wa simu unaoletewa na benki baada ya kununua kwa kawaida unakuonyesha ni njia gani imetumika, kwa hiyo usiufute. Malipo yakipita mada, kanuni ni za mtandao huo wa ndani. Yakipita Visa au Mastercard, kanuni ni zao. Mlango wako wewe ni uleule mmoja, benki yako.

Lakini ikiwa muuzaji alikuambia "usitumie kadi, nitumie kwenye IBAN yangu nikupunguzie bei," na ukakubali, hapo hakuna chajibeki. Ule ni uhamisho wa fedha, wewe mwenyewe umeamuru hela iende, na hakuna mtandao wa kadi wa kuirudisha. Kilichobaki ni polisi na Wizara ya Biashara. Ile punguzo ya riali hamsini ndiyo bei ya kinga uliyoiuza.

Chagua sababu iliyo ya kweli

Hapa ndipo madai mengi mazuri yanapokufa. Ukifungua dai kwenye programu ya benki au ukipiga simu, utaulizwa sababu. Zipo kadhaa, ila mbili ndizo zinazochanganywa. Ya kwanza ni "siutambui muamala huu," yaani mtu mwingine katumia kadi yangu. Ya pili ni "nimelipa lakini bidhaa haikufika." Kwa Visa, ya kwanza ikiwa ni ya mtandaoni ina namba 10.4, na ya pili 13.1. Kwa Mastercard ni 4837 na 4853.

Watu wanadhani ya kwanza ina nguvu zaidi kwa sababu inasikika kama wizi. Jamani, msiiguse kama mlinunua wenyewe. Hapa Saudia karibu kila malipo ya mtandaoni yanataka namba ya OTP inayokuja kwenye simu yako. Uliiandika wewe, na kumbukumbu ipo benki. Ukisema huutambui muamala, benki inafungua kumbukumbu, inaona OTP iliingizwa kutoka kwenye simu yako, dai linafungwa siku hiyohiyo. Zaidi ya hapo, ukirudi kesho na kusema "basi, nilinunua ila haikufika," umeshaonekana mtu wa maneno mawili.

Kinyume chake pia hutokea. Karani anaweza kukuambia, "Uliingiza OTP mwenyewe, kwa hiyo huna haki." Hilo ni kweli kwa sababu ya kwanza tu. OTP inathibitisha kwamba ni wewe uliyelipa. Haithibitishi kwamba mzigo ulifika. Mjibu kwa upole: "Ni kweli nimelipa mimi. Ninachodai ni kwamba bidhaa haikuletwa." Sentensi hiyo inalihamisha dai lako kwenye sanduku lake sahihi.

Siku zinahesabiwa kuanzia wapi

Kwa bidhaa isiyofika, Visa na Mastercard wanatoa siku 120, na kwa kawaida zinahesabiwa tangu tarehe ya mwisho uliyotarajia kupokea mzigo, si tangu siku uliyolipa. Juu yake, kwa Visa, kuna kikomo cha siku 540 tangu malipo yalipopita. Benki yako inaweza kutaka uwahi zaidi ili na yenyewe ipate muda wa kuandaa, kwa hiyo siku 120 zichukulie kama ukuta, usizifanye ratiba.

Kwenda mapema mno nako ni kosa. Kama tarehe ya kufikisha mzigo haikutajwa popote, benki inatakiwa isubiri kwanza: siku 15 tangu malipo kwa Visa, siku 30 kwa Mastercard. Kama tarehe ilitajwa, subiri ipite. Na sheria ya biashara ya mtandaoni ya Saudia ya mwaka 2019 inakupa nguvu hapohapo: muuzaji akichelewa zaidi ya siku 15 baada ya mkataba au baada ya tarehe mliyokubaliana, na hamkukubaliana muda mwingine, una haki ya kuvunja mkataba na kurudishiwa ulichotoa.

Mtego wetu sisi wanafunzi ni likizo ndefu. Muuzaji anakupiga kalenda mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, halafu wewe unapanda ndege kwenda nyumbani ukisema utalishughulikia ukirudi. Ukirudi, siku 120 zimekwisha, na ile laini ya simu ya Saudia inayopokea ujumbe wa benki ilikuwa imezimwa muda wote huo.

Kisa cha laptopu

Sasa tutazame kisa chenyewe. Mwenzetu yuko Jeddah, duka lilikuwa la mtandaoni, na jina lake sitalitaja. Tarehe 9 Februari 2025 aliagiza laptopu ya riali 2,340 na kulipa kwa kadi, malipo yakapita kwa Visa. Barua pepe ya uthibitisho ilitaja aina ya mashine, namba ya oda, anwani yake ya Jeddah, na maneno kwamba mzigo utafika kabla ya 20 Februari.

Tarehe 20 ikapita. Tarehe 23 muuzaji akaandika WhatsApp kwamba utafika wiki hiyohiyo. Tarehe 1 Machi, siku ya kwanza ya Ramadhani, akaandika, "Yaa akhi, mwezi mtukufu umechelewesha usafirishaji, vuta subira." Tarehe 4 Machi akaandika neno moja, "kesho," na huo ndio ukawa mwisho wa mawasiliano.

Jamaa alinipigia akitaka niende kulitafuta duka Riyadh, maana tovuti ilionyesha lina ofisi huku. Nikamwambia, kaka, hata nikimpata mtu mlangoni, benki haitauliza nilimpata au la. Tukafanya kitu kimoja kidogo badala yake. Tarehe 9 Machi aliandika barua pepe fupi kwa anwani ileile iliyomletea uthibitisho: namba ya oda, tarehe iliyoahidiwa, kwamba mzigo haujafika, kwamba anavunja oda na anaomba riali 2,340 zirudi kwenye kadi ileile ndani ya siku saba. Bila tusi hata moja. Barua hiyo ilikuwa ya kusomwa na benki zaidi kuliko na muuzaji, kwa sababu kanuni zinataka mteja awe amejaribu kwanza kumalizana na muuzaji.

Siku saba zikapita kimya. Tarehe 17 Machi akafungua dai kwenye benki yake kwa sababu ya "bidhaa haikufika." Maelezo yake yalikuwa mistari sita tu. Kulikuwa na kikwazo kimoja mwanzoni: kwenye taarifa ya benki jina la aliyelipwa halikuwa jina la duka, lilikuwa la kampuni nyingine kabisa. Hilo ni la kawaida, maduka mengi hupokea malipo kwa jina la kampuni mama au la wakala. Alichofanya ni kuambatanisha uthibitisho wa oda na taarifa ya benki pamoja, na kuandika kwamba kiasi, tarehe na namba nne za mwisho za kadi zinafanana. Kikwazo kikaondoka.

Siku tatu baadaye muuzaji akafufuka. Akaandika, "Funga dai benki kwanza, nami nitakurudishia leo." Wasomaji, hapa shikeni kamba. Dai ukishalifunga mwenyewe, kulifungua tena kwa muamala uleule ni kazi ngumu, na benki ina haki ya kukuambia ulikubali yaishe. Mwenzetu alijibu kwa maandishi: "Rudisha hela kwenye kadi ileile. Ikionekana kwenye akaunti, nitaiarifu benki siku hiyohiyo." Hela haikuja. Ile meseji nayo tukaiongeza kwenye jalada, kwa sababu muuzaji aliyekubali kurudisha hela amekiri kwamba hela anaidaiwa.

Tarehe 14 Aprili benki ikamtumia majibu ya muuzaji: ukurasa mmoja wenye namba ya kufuatilia mzigo, na maneno kwamba umepokelewa na kusainiwa. Benki ikampa siku tano za kazi kujibu. Jamaa alikata tamaa, akidhani mchezo umekwisha. Tukaiingiza ile namba kwenye tovuti ya kampuni ya vifurushi. Mzigo ulikuwa umefikishwa kweli, lakini Riyadh, na mwenzetu anaishi Jeddah. Halafu tukaangalia uzito: kilo 0.2. Laptopu aliyoagiza ina uzito wa kilo 1.6 bila hata chaja. Ilikuwa bahasha ya mtu mwingine.

Kwa kuwa niko Riyadh, nilikwenda tawi la kampuni hiyo. Karani hakunipa jina la aliyepokea, na ana haki, hiyo ni siri ya mteja. Ila alikubali kutuma barua pepe fupi inayotaja namba ya mzigo, mji uliofikishwa na uzito wake. Tarehe 16 Aprili mwenzetu alituma benki vitu vitatu: barua hiyo, uthibitisho wa oda wenye anwani ya Jeddah, na ukurasa wa duka wenye uzito wa laptopu. Juu yake akaandika mistari mitatu inayoonyesha mji hauko sawa na uzito hauko sawa. Tarehe 12 Mei hela ilirudi, riali zote 2,340.

Ushahidi upi unasaidia

Ukikitazama kisa hicho utaona kwamba kilichobeba uzito ni karatasi tano. Ya kwanza ni uthibitisho wa oda wenye bidhaa, bei, anwani na tarehe ya kufika. Ya pili ni taarifa ya benki inayoonyesha malipo. Ya tatu ni maneno ya muuzaji mwenyewe yakitaja tarehe au yakikiri kuchelewa. Ya nne ni barua yako ya kuvunja oda na kuomba hela, na ushahidi kwamba ilitumwa. Ya tano ni kila kinachoonyesha mzigo ulipo au usipokuwepo.

Namna ya kuzihifadhi nayo ina maana. Skrinishoti ya WhatsApp iwe na jina au namba ya muuzaji juu yake, na tarehe ionekane. Skrinishoti yenye neno "kesho" peke yake haimsaidii mtu, kwa sababu kesho ya lini? Ukurasa wa bidhaa uuhifadhi siku unayonunua, wenye sharti la usafirishaji, maana duka likitaka kukimbia huanza kwa kufuta ukurasa. Barua pepe zitunzwe zenyewe, zisinakiliwe kwenye faili jingine. Na kama maongezi ni ya Kiarabu na kadi yako ni ya benki ya Kampala au Nairobi, weka tafsiri fupi chini ya kila skrinishoti, kwa sababu atakayesoma huko huenda hajui hata herufi moja.

Yasiyosaidia nayo tuyaseme. Maoni mabaya ya wateja wengine hayaonyeshi kwamba mzigo wako wewe haukufika. Picha ya muuzaji na akaunti zake za mitandao ni kazi ya polisi. Hadithi ndefu ya jinsi ulivyokopa hela inamchosha msomaji wa benki mwenye madai mengine mezani. Na simu ulizopiga zisizopokelewa zina nguvu ndogo kuliko barua pepe moja, kwa kuwa simu haionyeshi ulisema nini. Kama mlizungumza kwa simu, baada ya hapo mwandikie: "Kama tulivyoongea leo saa nne asubuhi, umesema mzigo utafika Jumapili." Akijibu ndiyo, au hata asipojibu, sasa una maandishi yenye tarehe.

Benki ikikataa

Ikikataa, omba sababu kwa maandishi pamoja na namba ya malalamiko. Mara nyingine sababu ni ndogo tu, kama karatasi moja iliyokosekana au dai lililowekwa kwenye sanduku la wizi. Ukiona benki ya Saudia haikukutendea haki, yuko mkubwa wake, Benki Kuu ya Saudia, SAMA, ambayo hupokea malalamiko ya wateja kupitia huduma yake ya SAMA Cares. Ila haikusikilizi mpaka uwe umelalamika kwanza kwenye benki yako, ndiyo maana ile namba ni ya thamani. SAMA inashughulika na benki. Duka lenyewe unalipeleka Wizara ya Biashara kwa namba 1900, na hilo unaweza kulifanya huku dai la benki likiendelea.

Mipaka pia ipo. Ikiwa laptopu imefika ikiwa mbovu, hilo ni dai jingine lenye ushahidi wake, na mara nyingi utatakiwa uwe umejaribu kuirudisha. Ikiwa muuzaji kweli alifikisha mzigo kwenye anwani uliyoandika wewe na mlinzi wa jengo akaupokea, utapata taabu kushinda. Na ikiwa hela imerudi kwa njia zote mbili, kutoka kwa muuzaji na kutoka benki, moja si yako, itachukuliwa.

Kwa leo niishie hapa. Mwenye mzigo uliochelewa afungue uthibitisho wake wa oda sasa hivi, aitafute tarehe ya kufika, ahesabu siku 120 kutoka hapo na kuiandika kwenye kalenda. Kwa mwenzetu wa Jeddah ilikuwa 20 Juni 2025, na alikuwa na tiketi ya kwenda nyumbani ya tarehe 12.